Kulinganisha makava mawili ya video kwenye YouTube, na kuyasoma matokeo bila kujidanganya

Picha ya skrini ninayotumiwa mara nyingi kuliko zote ni ileile: kava la kwanza asilimia 48, la pili asilimia 52, na chini yake swali, "Kaka, hili la pili si ndilo limeshinda?" Ukimuuliza mwenye video jaribio limeendeshwa muda gani, anasema siku mbili. Ukimuuliza video imetazamwa na wangapi katika siku hizo, hajui. Na kava la kwanza ameshalifuta.

Kwa kava nina maana ya ile picha ndogo ambayo mtu huiona kabla hajabonyeza video. Kwenye YouTube Studio imeandikwa Thumbnail. Hatua zilizo hapa chini zinafaa pia kwa kichwa cha video, kwa sababu zana ya YouTube, ile inayowaonyesha baadhi ya watazamaji toleo hili na wengine lile, sasa inapima vyote viwili.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Kompyuta, au simu iliyofunguliwa kivinjari katika mwonekano wa kompyuta. Jaribio huwekwa kwenye YouTube Studio ya kivinjari.

Chaneli iliyofunguliwa vipengele vya juu. Nenda Settings, kisha Channel, kisha Feature eligibility. Kama vipengele vya juu bado vimefungwa, utaelekezwa namna ya kujithibitisha.

Video ndefu iliyo hadharani. Shorts hazikubaliwi, wala video zilizotangazwa kuwa ni za watoto, wala zile zilizowekewa kikomo cha umri. Matangazo ya moja kwa moja unaweza kuyapima yakishamalizika na kubaki kama video ya kawaida.

Picha mbili zenye ukubwa wa 1280 kwa 720. Hapa kuna mtego ambao wengi hawaujui: picha moja ikiwa chini ya kipimo hicho, YouTube hushusha picha zote za jaribio hadi 480p. Unalinganisha basi makava mawili yenye ukungu, kwa kosa la moja.

Na daftari. Nitakueleza cha kuandika.

## Hatua ya 1: Pima kama video ina watu wa kutosha

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na majaribio mengi hufia hapa kabla hayajaanza.

Fungua video yako ndani ya Studio, ingia Analytics, kisha Reach, uchague siku 28 zilizopita. Kuna kadi inayoonyesha safari nzima: kava limeonyeshwa mara ngapi (Impressions), maonyesho hayo yamezaa utazamaji wangapi, na utazamaji huo umezaa saa ngapi. Unachohitaji ni ile namba ya katikati, utazamaji uliotokana na maonyesho. Usichukue jumla ya utazamaji wote, kwa sababu humo wamo waliofika kwa kiungo cha WhatsApp au kwa tovuti nyingine.

Jaribio linaweza kuchukua hadi wiki mbili. Kwa hiyo gawa namba hiyo kwa 2 upate ya siku 14, kisha gawa tena kwa 2 kwa sababu kila kava litapata nusu ya watu. Kinachobaki ndicho kila upande utakachokuwa nacho.

Sasa hesabu ndogo ninayoitumia mimi. Tafuta kipeuo cha pili cha namba hiyo, kisha chukua 100 ugawe kwa kipeuo hicho. Jibu linakuambia pointi ambazo bahati peke yake inaweza kulisogeza kava kutoka kwenye 50.

| Utazamaji kwa kila upande | Bahati inaweza kusogeza hadi |
|---|---|
| 100 | pointi 10 (60 kwa 40) |
| 400 | pointi 5 (55 kwa 45) |
| 1,000 | pointi 3 (53 kwa 47) |
| 2,500 | pointi 2 (52 kwa 48) |

Ni kadirio, wala si hesabu ya zana yenyewe. Inadhani kwamba watazamaji wako wanatofautiana sana katika muda wanaokaa, jambo ambalo kwa video za kawaida ni kweli. Lakini inatosha kukuonya.

Mstari wa kwanza wa jedwali unawashangaza wengi. Wanauliza inawezekanaje watu 100 upande huu na 100 upande ule watoe 60 kwa 40 na bado isiwe kitu. Sababu ni kwamba zana haihesabu watu, inahesabu dakika. Mtu mmoja aliyekaa dakika 8 ana uzito sawa na watu 16 waliokimbia baada ya nusu dakika. Wakaaji watano sita wakiangukia upande mmoja kwa bahati tu, upande huo unapaa.

Kama hesabu yako inatoa pointi 10 au zaidi, usipoteze wiki mbili kwenye video hiyo. Tafuta nyingine ya chaneli yako inayoendelea kupata watu, hata kama ni ya mwaka jana. Video ya zamani yenye mtiririko wa kila siku mara nyingi hupimika vizuri kuliko mpya iliyowaka siku mbili ikazima.

Utajua umefaulu pale ambapo kwenye daftari kuna sentensi moja: "Kila upande utapata kama watu kadhaa, kwa hiyo chini ya pointi kadhaa sisemi kitu." Iandike kabla hujaona matokeo. Ukiiandika baada, utaipinda.

## Hatua ya 2: Chagua kitu kimoja cha kuuliza

Zana inakupa nafasi tatu: kupima makava peke yake, vichwa peke yake, au makava na vichwa kwa pamoja. Hiyo ya tatu inavutia, na ndiyo inayowachanganya wengi.

Tuseme una video ya kupika chapati za kusukuma. Ya kwanza ina kava la chapati zimepangwa kwenye sahani na kichwa "Jinsi ya kupika chapati laini". Ya pili ina kava la mkono ukichana chapati tabaka zikionekana, na kichwa "Kwa nini chapati zako zinakauka". Ya pili ikashinda. Kipi kimeshinda, picha au maneno? Hujui, na kwenye video ijayo hutajua ubebe kipi.

Kupima pamoja kuna haki pale tu unapotaka kuiokoa video moja na hujali sababu. Kama unataka kujifunza kitu cha kuhamishia kwingine, badilisha kimoja.

Na zana inaruhusu hadi matoleo matatu, lakini mimi nakushauri mawili. La tatu linakula theluthi ya watu uliowahesabu kwenye hatua ya kwanza. Zaidi ya hapo linaharibu usomaji: kwenye matoleo matatu hali ya sare ni kama 33 kwa kila moja, si 50. Kuna mtu aliona kava lake lina 39 akaniambia limefeli kwa sababu halikufika hata nusu. Lilikuwa linaongoza.

Andika swali kwa maneno yako, liwe na pande mbili zinazoeleweka. "Je, watu wa video hii wanavutwa na chakula kilichokamilika au na tendo la kukipika?" Hilo ni swali. "Lipi zuri zaidi?" bado si swali.

## Hatua ya 3: Tengeneza tofauti inayoonekana kwenye simu

Jaribio likiisha na makava yote yakawa sawa, mara nyingi kosa halikuwa la watazamaji. Mwenye chaneli alibadilisha rangi ya maandishi kutoka njano kwenda nyeupe, halafu akataka ulimwengu umpe jibu.

Weka makava yote mawili kwenye simu yako, yapunguze hadi upana wa kidole gumba, kisha mpe mtu wa nyumbani simu hiyo kwa sekunde mbili. Muulize kila moja linahusu nini. Akikuambia jambo lilelile kwa maneno yaleyale, huna makava mawili, una kava moja na kivuli chake.

Kwa vichwa, tofauti iwe kwenye ahadi. "Jinsi ya kupika chapati laini" inamjibu mtu anayetafuta kwa maandishi. "Kwa nini chapati zako zinakauka" inamgusa mtu ambaye hakuwa anatafuta, ila jana alizitupa. Angalia lakini: kwenye vichwa vyote viwili neno "chapati" limebaki. Usiliondoe neno ambalo watu huandika wanapotafuta, maana ukiliondoa upande mmoja unapima mambo mawili kwa wakati mmoja.

Kona ya chini kulia ya kava iache wazi. YouTube huweka hapo muda wa video, na kama toleo moja lina neno muhimu pale na jingine halina, unalionea lile la kwanza.

Onyo. Usitengeneze kava moja la kweli na jingine la uongo ili kuona kama uongo unalipa. Mkono ukishika pesa kwenye video ya chapati utabofywa, halafu watu watatoka. Kwa nini hilo litalishusha kava lako kwenye zana hii, tutaliona kwenye hatua ya 6.

## Hatua ya 4: Weka jaribio

Ndani ya Studio nenda Content, fungua video, na kwenye ukurasa wa Details tafuta sehemu ya Thumbnail. Chaguo la kulinganisha limeandikwa A/B testing. Zamani liliitwa Test & compare, kwa hiyo ukikuta maelekezo ya zamani yenye jina hilo, ni kitu kilekile. Upimaji wa makava ulifunguliwa kwa wengi mwaka 2024. Vichwa vilifuata baadaye.

Chagua aina ya jaribio, pakia matoleo yako, hifadhi.

Mpangilio una maana. Jaribio likimalizika bila mshindi, toleo uliloweka la kwanza ndilo linalobaki kwenye video. Kwa hiyo nafasi ya kwanza iwe ya lile ambalo uko tayari kuishi nalo, kwa kawaida lile linalotumika sasa. Nimeona watu wakiweka la majaribio mbele, sare ikatokea, na kava la ajabu likakaa kwenye video miezi mitatu bila wao kujua.

Baada ya kuhifadhi, andika kwenye daftari tarehe, lipi ni la kwanza, lipi la pili, na ile sentensi ya hatua ya 1.

Utajua umefaulu ukifungua video kwenye Studio na kuona kwamba jaribio linaendelea. Usijaribu kuthibitisha kwa kuifungua video kwenye simu ya dada yako ukitarajia aone kava la pili. Anaweza kuona la kwanza, na hiyo ni sawa kabisa, kwa sababu zana inawagawa watazamaji katika muda uleule: huyu anaona hili, yule anaona lile.

Hapo ndipo zana hii inapoishinda ile njia ya zamani ya kuweka kava moja Jumatatu na jingine Alhamisi. Kwa njia ile ulikuwa unalinganisha pia Jumatatu na Alhamisi, mwanzo wa wiki na mwisho wake, siku ya bando na siku ya kukata bando. Kava halikuwa na kosa, siku ndiyo ilikuwa nyingine.

## Hatua ya 5: Liache

Jaribio likiwa linaendelea, usiguse kava wala kichwa cha video hiyo. Ukibadilisha, jaribio linakatika, na watu uliokwisha kuwakusanya hawahamii kwenye jaribio jipya.

Usifungue matokeo kila siku. Najua utafungua. Basi ukifungua, rudia ile hesabu kwa watu waliokwisha kufika, si kwa watu unaowatarajia. Siku ya tatu una watu wachache, kwa hiyo uwanja wa bahati ni mpana mno. Kadiri watu wanavyoongezeka namba hizo hurudi katikati, na yule aliyetangaza mshindi siku ya tatu hubaki na maelezo ya kutoa.

Kuna hatari ya pili katika kuchungulia. Ukiangalia mara 14 na ukajiruhusu kusimamisha siku yoyote utakayoona pengo kubwa, umejipa nafasi 14 za kudanganywa badala ya moja. Hata makava mawili yanayofanana kabisa yanaweza kukuonyesha pengo zuri siku moja kati ya hizo.

Kama huamini, lifanye hilo kwa makusudi mara moja. Chukua kava moja, tengeneza nakala yake uliyobadilisha kitu kisichoonekana, tuseme ukingo wa juu umekuwa mweusi kidogo. Yapime. Kwenye video ya watu 600 kila upande usishangae kuona 54 kwa 46. Ukishaiona hiyo kwa macho yako, 52 haitakutetemesha tena.

## Hatua ya 6: Soma matokeo

Hapa ndipo tukae kidogo.

### Asilimia hiyo ni ya nini

Namba inayoonekana chini ya kila kava ni mgao wa muda wa kutazamwa, Watch time share. Haisemi ni watu wangapi walibofya. Inasema hivi: katika muda wote ambao watu walitazama video kupitia jaribio hili, kava hili limeleta sehemu gani.

Muda huo unatokana na vitu viwili vinavyozidishwa: wangapi walibofya, na wakakaa muda gani. Chukua mfano. Kila kava limeonyeshwa mara 1,000.

Kava la kwanza limebofywa na asilimia 6, yaani watu 60, na kila mmoja amekaa wastani wa dakika 3. Jumla dakika 180.

Kava la pili limebofywa na asilimia 5, yaani watu 50, lakini wamekaa wastani wa dakika 4. Jumla dakika 200.

Kati ya dakika zote 380, la kwanza lina asilimia 47 na la pili lina 53. Lililobofywa kidogo ndilo linaloongoza. Anayedhani namba hii ni ya kubofya atasema zana imekosea. Haijakosea: la kwanza liliwaita watu ambao video haikuwa yao, wakageuza mlangoni.

Ndiyo sababu lile kava la mkono wenye pesa halifui dafu hapa. Linaita wengi, wanakaa sekunde 20, na dakika hazijai.

### Majibu matatu

Zana inaweza kukupa mshindi (Winner), inaweza kukuambia kwamba matoleo hayakutofautiana, au ikasema data haikutosha kuamua. Maneno yake kwenye skrini yamewahi kubadilika, kwa hiyo shika maana.

Mshindi maana yake ni kwamba pengo ni kubwa kiasi kwamba bahati peke yake haielekei kulieleza. Zana hulifanya kuwa kava la video yenyewe bila kukuuliza, ingawa unaweza kulibadilisha.

"Hayakutofautiana" ni jibu kamili. Linasema watu walikuwepo wa kutosha na hawakujali. Wengi huliona kama kushindwa, wakati limekuokolea kazi: acha kubishana na mhariri wako juu ya jambo hilo na umwache achague linalomrahisishia.

"Data haikutosha" halisemi lolote juu ya makava. Linasema juu ya idadi ya watu. Hapa ndipo watu hufanya kosa baya kuliko yote: wanaangalia 55 kwa 45 chini ya jibu hilo na kusema, "Sawa, haijathibitishwa, lakini inaelekea upande wa pili." Haielekei popote. Rudi kwenye hesabu yako ya hatua ya 1 uone 5 ni pointi ngapi mbele ya watu uliopata.

### Mfano mmoja mpaka mwisho

Turudi kwenye chapati. Tuseme video ina miezi minane, na katika siku 28 kava limeonyeshwa mara 42,000, kubofya kukiwa asilimia 5. Huo ni utazamaji 2,100. Kwa siku 14 ni 1,050, na kila upande kama 525. Kipeuo cha pili cha 525 ni karibu 23, na 100 kwa 23 ni kama pointi 4. Mwenye chaneli anaandika: chini ya 54 sisemi kitu, na 55 naitazama kwa jicho moja.

Kava la kwanza ni sahani ya chapati. La pili ni sahani ileile, ila imepigwa kwa karibu na ina maandishi makubwa "LAINI".

Siku ya tatu: la kwanza 42, la pili 58. Furaha. Lakini kila upande una watu kama 112 tu, na kwa watu hao bahati inaweza kusogeza pointi 9. Pengo lake kutoka 50 ni 8. Anafunga kompyuta.

Siku ya 14: la kwanza 47, la pili 53. Hakuna mshindi. Ile 58 iliyeyuka yenyewe, hakuna aliyeila.

Anakaa na kujiuliza kwa nini. Jibu liko kwenye hatua ya 3: sahani na sahani. Anaandaa jaribio la pili, mara hii sahani dhidi ya mkono unaochana chapati, tabaka zikiachana na mvuke ukitoka. Baada ya wiki mbili nyingine: sahani 41, mkono 59, na zana inatangaza mshindi. Pengo la pointi 9 kwenye uwanja wa pointi 4. Hili linasimama.

### Ushindi huo ni wa kiasi gani

Tisa juu ya 50, basi video itapanda kwa asilimia 9? Hapana. Linganisha makava yenyewe kwa yenyewe: 59 kwa 41 maana yake mkono ulileta dakika kama mara 1.4 ya zile za sahani.

Lakini usingoje grafu ipande kwa asilimia 40 kuanzia wiki ijayo. Wakati wa jaribio nusu ya watu walikuwa tayari wanauona mkono. Ukilinganisha na wiki za jaribio, ongezeko ni kutoka 50 kwenda 59, karibu asilimia 18. Ukitaka kuiona ile asilimia 40 na ushei, linganisha na wiki za kabla ya jaribio, na hapo tena misimu inaingilia. Mwezi wa Ramadhani mapishi hutafutwa kwa namna nyingine kabisa na mwezi wa kawaida.

Tena punguza kidogo matarajio. Kava lililotangazwa mshindi kwa kawaida lilikuwa na ubora wake na bahati kidogo juu yake. Ubora unabaki, bahati haikai. Ukiona nusu ya ongezeko ulilotarajia, jaribio halikukudanganya.

### Walipima akina nani

Swali la mwisho kabla ya kufunga ukurasa. Kwenye Reach angalia watu walitoka wapi katika wiki hizo. Video mpya siku za mwanzo huletewa zaidi wafuasi wako, watu wanaoijua sura yako na wangebofya hata kava jeusi. Video ya zamani huishi kwa utafutaji na mapendekezo, kwa wageni.

Mshindi aliyechaguliwa na wafuasi anaweza asiwavute wageni. Kama jaribio lilifanyika wiki ya kutoka kwa video, na video hiyo bado inapata watu miezi mitatu baadaye, lirudie. Nimeona jibu likigeuka, hasa pale kava linapotegemea sura ya mwenye chaneli.

## Hatua ya 7: Andika, kisha jaribu kuliangusha jibu lako

Kwenye daftari andika mistari minne: swali, watu kwa kila upande, mgao wa mwisho, na watu walitoka wapi zaidi. Usiandike "mikono inashinda". Andika "kwenye video ya chapati, kwa watu wa utafutaji, tendo lilishinda sahani, 59 kwa 41, watu 525 kila upande".

Tofauti ya sentensi hizo mbili inaonekana mwezi unaofuata, mwenye chaneli anapoanza kuweka mikono kwenye kila kava, pamoja na la video ya kununua jiko. Video moja imekuambia juu ya video moja.

Kwa hiyo chagua nyingine mbili za mapishi yenye tendo linaloonekana, tuseme mandazi yakigeuzwa kwenye mafuta na sambusa ikikunjwa, uulize swali lilelile. Ukipata tendo linashinda mara tatu, una jambo la kushika kwa mapishi yako. Ukipata mara moja limeshinda, mara moja sare, mara moja limeshindwa, basi kilichoshinda kwenye chapati pengine kilikuwa zile tabaka, wala si mkono. Swali lako la nne tayari unalo: tabaka bila mkono, dhidi ya mkono bila tabaka.